Udongo Usiosafiri: Kufundisha Habari za Lateriti Katika Shule za Masumbwe

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kufundisha habari za udongo hukutana mapema na maelezo ambayo yamekaririwa katika vitabu vingi. Anaelezwa kwamba miamba huvunjwavunjwa na jua, mvua na upepo; kwamba vipande vyake huchukuliwa na maji; kwamba changarawe hutua kwanza, kisha mchanga, kisha tope, na mwisho mfinyanzi; na kwamba kwa kupima ukubwa wa chembe tunaweza kujua tabia ya udongo wowote. Maelezo haya si ya uongo. Ni maelezo sahihi ya udongo uliosafiri. Yametokana na nchi za mabonde ya mito mikubwa, na nchi za kaskazini ambazo zamani zilifunikwa na barafu, ambako sehemu kubwa ya udongo ililetwa kutoka mahali pengine na kutuama.

Lakini mwalimu huyo akipangwa kufundisha Masumbwe, atakuta kwamba udongo mwingi ulio chini ya miguu ya wanafunzi wake haukuletwa na mto wala barafu. Ulizaliwa pale pale ulipo. Masumbwe imo katika Wilaya ya Mbogwe. Hadi mwaka 2012 sehemu hiyo ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka huo imo katika Mkoa wa Geita. Ni nchi ya vilima vifupi na miteremko mirefu, yenye moramu nyekundu barabarani, udongo mwekundu au wa kichanga mashambani, mbuga nyeusi mabondeni, na mashimo ya wachimbaji wa dhahabu.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu ambayo udongo uliozaliwa papo hapo huyafanya kinyume cha yale yaliyoandikwa vitabuni, na jinsi mwalimu anavyoweza kuyaonyesha kwa zana za bei ndogo. Jambo la tatu linahusu usalama wa watoto wenyewe, kwa hiyo yafaa lisomwe kwa uangalifu zaidi.

Tunajuaje kwamba udongo haukusafiri?

Wanafunzi wana haki ya kuuliza swali hili, na mwalimu asiwaombe waamini tu. Masumbwe ina bahati ya kuwa na ushahidi ulio wazi. Dhahabu ya sehemu hizi mara nyingi hupatikana katika mishipa ya jiwe jeupe la kwatsi iliyopenya ndani ya miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Mchimbaji anapofuata mshipa huo, huukuta ukipita katika mwamba mgumu, kisha ukipanda juu na kuendelea ndani ya udongo laini ambao unaweza kukatwa kwa jembe. Mshipa haukatiki penye mpaka wa mwamba na udongo. Unasimama ndani ya udongo katika mwelekeo ule ule uliokuwa nao ndani ya mwamba.

Hapo mwalimu aulize darasa: je, kama udongo huu ungekuwa umechukuliwa na maji kutoka mbali, mshipa ungebaki umenyooka? Hata mtoto wa darasa la nne ataona kwamba haiwezekani. Maji yangeuvunja na kuutawanya, na mawe yake yangekuwa yamesuguliwa mpaka kuwa duara kama kokoto za mtoni. Basi udongo ule ni mwamba uliooza mahali pake. Umepoteza ugumu wake, lakini umbo la mwamba bado limo ndani yake: mishipa yake, mistari yake, na hata nyufa zake. Tuzikumbuke nyufa hizo, kwa maana tutazirudia.

Jinsi lateriti inavyozaliwa

Maji ya mvua yanapopita katika udongo huchukua hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu, nayo huwa asidi dhaifu. Asidi hiyo, ikisaidiwa na joto la nchi zetu na muda mrefu mno, huyageuza madini ya mwamba. Chokaa, magadi, potasi na sehemu kubwa ya silika huyeyuka na kuondoka pamoja na maji. Yanayobaki ni yale yasiyoyeyuka kwa urahisi, yaani mfinyanzi mweupe uitwao kaolini, chembe za kwatsi, na kutu ya chuma pamoja na ya alumini. Rangi nyekundu na ya manjano ya udongo wetu ni rangi ya kutu hiyo ya chuma.

Chuma hakikai kimya. Wakati wa masika, tabaka la chini linapojaa maji na kukosa hewa, sehemu ya chuma hugeuka hali na kuyeyuka, nayo huweza kusogea pamoja na maji. Wakati wa kiangazi maji yanaposhuka na hewa kuingia, chuma hicho hurudi kuwa kutu na kuganda mahali kilipofika. Jambo hili likirudiwa kila mwaka kwa maelfu ya miaka, madoa mekundu hutokea ndani ya udongo mweupe. Madoa hukua na kuwa vinundu. Na vinundu hushikana na kuwa tabaka gumu kama jiwe. Vinundu ndivyo moramu tunayoijua. Tabaka gumu na udongo wa madoa unaoweza kuwa mgumu huitwa lateriti.

Neno lateriti lilitolewa na Francis Buchanan, tabibu Mskoti aliyesafiri kusini mwa Bara Hindi mwaka 1800 na 1801, na kuchapisha habari za safari yake mwaka 1807. Aliwaona watu wa Malabar wakichimba udongo wenye madoa, laini kiasi cha kukatwa kwa chombo cha chuma, wakiukata kuwa matofali, na matofali hayo yakawa magumu yalipokaa hewani. Neno lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya tofali.

Basi mwanafunzi akisimama pembeni mwa barabara iliyokatwa katika kilima karibu na Masumbwe, mara nyingi ataweza kuona mpango huu kutoka juu kwenda chini: kwanza udongo wa juu wenye vinundu vilivyolegea, kisha tabaka gumu la moramu iliyoshikana, kisha udongo wa madoa mekundu na meupe, kisha udongo mweupe au wa kijivu ulio laini, kisha mwamba uliooza, na mwisho, mara nyingi kwa kina kisichoonekana barabarani, mwamba mzima. Si kila mahali tabaka zote zipo. Pengine mmomonyoko umeondoa zile za juu, na pengine unene wa tabaka moja hubadilika katika hatua chache tu.

Jambo la kwanza: chembe zisizosema kweli

Jaribio la chupa linajulikana sana. Mwanafunzi hutia udongo katika chupa, huongeza maji, hutikisa, kisha huiacha itulie. Chembe kubwa hushuka upesi na ndogo hukawia. Kwa kina cha sentimita 10, chembe yenye kipenyo cha milimita 0.05, ambayo ni mchanga mwembamba kabisa, hufika chini katika sekunde 40 hivi. Chembe ya mfinyanzi yenye kipenyo cha milimita 0.002 huhitaji karibu saa 8. Kwa hiyo tabaka lililopatikana baada ya sekunde 40 huhesabiwa kuwa mchanga, na maji yakibaki machafu kwa muda mrefu tunasema udongo una mfinyanzi mwingi.

Mwalimu akilifanya jaribio hili kwa tope lililochukuliwa chini ya lambo, atapata jibu la vitabuni. Akilifanya kwa udongo mwekundu wa kilimani, ule ambao Wasukuma huuita ikungu, atashangaa. Sehemu kubwa ya udongo itashuka mara moja, na maji yataanza kuwa maangavu baada ya muda mfupi. Darasa zima litaandika: “Udongo huu ni mchanga.” Lakini mtoto ambaye bibi yake ni mfinyanzi, au aliyewahi kukwama katika udongo huo baada ya mvua, atasema kwamba si mchanga. Mwalimu asimkosoe mtoto huyo. Yeye ndiye mwenye haki.

Sababu ni hii. Katika udongo mwekundu uliozaliwa papo hapo, kutu ya chuma imezigandisha chembe za mfinyanzi na kuzifanya punje ngumu zenye ukubwa wa mchanga. Punje hizo hushuka kama mchanga, hupitisha maji kama mchanga, na mkononi huhisika kama mchanga. Zaidi ya hayo, kutu ya chuma huzivuta hata zile chembe chache zilizo huru zikashikana ndani ya maji na kushuka pamoja. Chupa imepima ukubwa wa punje, si ukubwa wa chembe zilizomo ndani ya punje. Udongo uliosafiri mtoni umekwisha kusuguliwa na kutenganishwa njiani. Udongo usiosafiri haujapata msukosuko huo.

Ili kuwaonyesha wanafunzi, zitayarishwe chupa tatu zenye kuta zilizonyooka, zilizo sawa kwa ukubwa, na utaratibu ufuatwe kama hivi:

1. Chupa ya kwanza itiwe udongo wa lambo, na ya pili udongo mwekundu, kiasi kilekile. Udongo wote upondwe polepole na kupitishwa katika chekecheo la chai.

2. Kwa chupa ya tatu, udongo mwekundu wa kiasi kilekile ulowanishwe na kufinyangwa kwa vidole kwa muda wa nusu saa, huku maji yenye magadi yakiongezwa kidogo kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha magadi kwa lita moja ya maji kinatosha. Wanafunzi wapokezane, kwa maana kazi hii huchosha.

3. Chupa zote zijazwe maji mpaka alama moja, zitikiswe kwa dakika mbili, na kuwekwa mezani kwa pamoja. Baada ya sekunde 40 alama ya kwanza iwekwe penye kimo cha mashapo. Alama ya mwisho iwekwe baada ya siku mbili.

Tuchukue mfano wa kuhesabu. Tuseme mwishoni kila chupa ina mashapo ya sentimita 6. Katika chupa ya lambo, sentimita 1 ilikuwa imeshuka katika sekunde 40. Yaani sehemu moja ya sita. Katika chupa ya pili zilishuka sentimita 4, yaani theluthi mbili. Katika chupa ya tatu, yenye udongo uleule mwekundu uliofinyangwa, zilishuka sentimita 2, yaani theluthi moja. Tofauti ya chupa ya pili na ya tatu ni sentimita 2. Hiyo ni nusu nzima ya kile kilichoitwa mchanga, nayo kumbe ni mfinyanzi na tope vilivyofungwa na chuma. Hesabu za shule yenu zitatofautiana na hizi, na vimo vya mashapo si uzito wake, kwa sababu mfinyanzi ulioshuka hubaki na maji mengi ndani yake. Tunalotafuta ni tofauti ya chupa ya pili na ya tatu. Ikiwa haipo, basi udongo ule ni wa kichanga kweli, kama ule wa luseni unaotokana na miamba ya matale.

Wanafunzi wasio na chupa wanaweza kuliona jambo hilihili kwa mikono. Wachukue donge la udongo mwekundu lenye ukubwa wa yai, walilowanishe, na kulisukuma kati ya kidole gumba na kidole cha shahada mpaka litoke kama utepe. Mwanzoni utepe hukatika ukiwa mfupi. Wakilifinyanga donge lilelile kwa dakika ishirini, utepe utarefuka na udongo utaanza kunata. Udongo wa lambo haubadiliki hivyo. Dakika ya kwanza na ya ishirini ni mamoja.

Wala jambo hili si mchezo wa darasani tu. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bwawa la Sasumua, nchini Kenya, katika milima ya Nyandarua, kwa ajili ya kuupatia maji mji wa Nairobi. Udongo mwekundu uliokusudiwa kujengea tuta ulipopimwa kwa njia za kawaida, matokeo yake yalitia wasiwasi, kwa kuwa yalionyesha mfinyanzi mwingi kupita kiasi, na tabia isiyolingana na mfinyanzi wa vitabuni. Karl Terzaghi, ambaye huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu ya ufundi wa udongo, alilichunguza suala hilo na kuchapisha maelezo yake mwaka 1958. Alieleza kwamba chembe za mfinyanzi ule zilikuwa zimeshikana katika vifungu vigumu, na kwamba udongo ulikuwa na nguvu kuliko tarakimu za maabara zilivyodokeza. Ni kosa lile lile la chupa yetu, isipokuwa limegeuzwa: maabara ilivunja vifungu na kuhesabu chembe, hali tuta lilijengwa kwa vifungu vyenyewe.

Jambo la pili: udongo ukikauka haurudi ulivyokuwa

Tofali bichi la udongo wa lambo likikaushwa juani huwa gumu. Likitiwa katika ndoo ya maji hulainika, na baada ya muda huwa tope kama lilivyokuwa awali. Mwanafunzi anaweza kulikausha na kulilowanisha mara nyingi, na kila mara litarudi. Vitabu huchukulia kwamba udongo wote uko hivyo, ndiyo maana jambo la kwanza linaloagizwa katika majaribio mengi ni kuukausha udongo kabla ya kuupima.

Udongo wenye chuma kingi haufuati kanuni hii. Ukikauka kabisa, kutu iliyokuwa laini na yenye maji ndani yake hukaza, na maji yakirudi hayawezi kuifungua tena. Sampuli iliyokaushwa si udongo uleule tena; ni udongo mwingine wenye punje kubwa zaidi na unaonata kidogo zaidi.

Jaribio lake ni rahisi, lakini linadai subira. Itafutwe kingo ya barabara iliyochimbwa karibuni, au fundi anayechimba shimo la choo aombwe atoe donge la udongo wa madoa likiwa bado na unyevu wake. Donge likatwe vipande viwili. Kimoja kifungwe mara moja katika mfuko wa plastiki na kuwekwa kivulini. Cha pili kiwekwe juani, kilowanishwe mara moja kila juma na kuachwa kikauke tena, kwa muda wa majuma sita. Mwishoni vipande vyote viwili viloweshwe ndoo moja usiku kucha. Asubuhi wanafunzi wavibonyeze kwa kidole. Kile cha mfukoni kitafinyangika. Kile cha juani, ikiwa madoa yake yalikuwa na chuma cha kutosha, kitakuwa na sehemu nyekundu ngumu zisizolainika, wakati sehemu nyeupe za kaolini zimeoshwa na kuacha matundu.

Pengine jaribio litashindwa, na kipande cha juani kitamumunyika kama kile cha kivulini. Mwalimu asione haya. Si udongo wote mwekundu unaogeuka jiwe. Rangi peke yake si dalili ya kutosha, kwa kuwa chuma kidogo sana chaweza kuutia udongo wekundu mkali. Yafaa achague donge jingine lenye madoa makubwa zaidi na mazito mkononi, kisha ajaribu tena.

Somo hili lina faida ya karibu kwa shule. Mvua ikiondoa udongo wa juu katika uwanja au shamba la shule, na udongo wa madoa ukafunuliwa kwa jua, yamkini baada ya miaka kadhaa eneo hilo likawa gumu kiasi cha kutopitisha jembe wala mizizi, na hakuna mvua itakayolilainisha. Kwa hiyo nyasi na miti juu ya udongo wa namna hii si pambo la shule tu, bali ni kifuniko kinachouzuia usikauke.

Jambo la tatu: ugumu uko juu, ulaini uko chini

Katika udongo uliotuama, kadiri tunavyokwenda chini ndivyo udongo unavyokuwa mgumu zaidi, kwa sababu umelemewa na uzito wa ule ulio juu yake. Mtu aliyechimba mita mbili za kwanza kwa shida anaweza kutumaini kwamba mita zitakazofuata zitakuwa imara zaidi. Katika nchi ya lateriti tumaini hilo ni la hatari. Tabaka gumu liko karibu na uso wa nchi. Chini yake kuna udongo wa madoa, kisha udongo mweupe uliopoteza sehemu kubwa ya madini yake na kujaa vitundu. Ugumu hurudi tena karibu na mwamba mzima tu.

Kwa sababu hiyo mchimbaji wa choo au wa duara la dhahabu hutoboa moramu kwa sururu siku nyingi, kisha ghafla kazi inakuwa nyepesi. Wepesi huo humvutia kulipanua shimo kwa chini. Moramu iliyo juu inabaki kama dari, nayo inaonekana imara, mpaka siku upana unapozidi nguvu zake.

Kuna sababu mbili nyingine zinazofanya kuta za mashimo haya zidanganye. Ya kwanza ni unyevu. Wakati wa kiangazi maji machache yaliyobaki katika vitundu vidogo vya udongo huvuta chembe pamoja, kama vile maji machache yanavyoshikamanisha mchanga wa pwani unaojengwa na watoto. Ukuta wima wa mita kadhaa huweza kusimama miezi mingi bila nguzo. Mvua kubwa zikija na maji kujaza vitundu vyote, mvuto huo hutoweka, na ukuta uleule huporomoka. Shimo halikubadilika kwa macho. Kilichobadilika ni maji yaliyo ndani ya udongo.

Sababu ya pili ni zile nyufa tulizozitaja hapo mwanzo. Mwamba ulikuwa na nyufa kabla ya kuoza, nazo zimebaki ndani ya udongo. Mara nyingi nyuso zake ni laini, zinateleza, na zimepakwa rangi nyeusi au ya hudhurungi. Udongo ulio kati ya nyufa mbili unaweza kuwa imara kabisa, lakini bonge zima likateleza juu ya ufa ulioinamia shimoni. Vitabu hufundisha kwamba kila udongo una mwinamo wake wa kusimama, na kwamba mchanga uliomwagwa hufanya kichuguu chenye mteremko unaojulikana. Kanuni hiyo ni ya udongo wa chembe zilizo huru. Haisemi lolote juu ya ufa uliorithiwa kutoka kwenye mwamba.

Mita moja ya ujazo ya udongo wa namna hii ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mtu mzima aliyefunikwa mpaka kifuani hawezi kujitoa, na mara nyingi hawezi hata kutanua kifua apate pumzi. Wachimbaji wazoefu huegemeza kuta kwa magogo wayaitayo matimba, nao hufanya hivyo kwa kujua. Watoto wapitao karibu na mashimo yaliyoachwa hawana ujuzi huo, na ukuta uliokauka huwaonyesha uimara usiokuwapo.

Basi mwalimu awafundishe wanafunzi dalili hizi, wazitambue wakiwa mbali na shimo: ufa juu ya ardhi unaokwenda sambamba na ukingo, vipande vidogo vinavyoanguka bila kuguswa, doa la unyevu ukutani mahali palipokuwa pakavu, uso laini mweusi ulioinamia ndani, na shimo ambalo ni pana chini kuliko mdomoni. Dalili moja tu yatosha kuwafanya waondoke na kumwambia mtu mzima. Lakini kutokuwapo kwa dalili si hakikisho, hasa katika juma la kwanza la mvua kubwa. Kwa vyovyote vile darasa lisipelekwe kwenye duara wala kwenye shimo la choo. Kingo ndogo ya barabara isiyozidi kimo cha mwanafunzi inatosha kwa mafunzo yote ya makala hii, na udongo wa chini unaweza kupatikana katika rundo lililotolewa nje.

Kwa upande wa vyoo vya shule, kamati inapoambiwa kwamba shimo halihitaji kujengewa kwa kuwa “ardhi ni ngumu,” mwalimu anayejua somo hili ataomba aelezwe ugumu ule ni wa kina gani. Kama ni mita moja ya moramu juu ya udongo mweupe, basi shimo linahitaji kujengewa kwa mawe au matofali.

Mipaka ya maelezo haya

Si udongo wote wa Masumbwe ulizaliwa papo hapo. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, alionyesha mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika ya Mashariki hufuatana kwa mpango kutoka mgongo wa kilima mpaka bondeni, na mfuatano huo aliupa jina la katena, yaani mnyororo. Wasukuma walikuwa wameujua mpango huo kwa majina yao: udongo mwekundu wa juu, kichanga cha miteremko, itogolo iliyo ngumu karibu na bonde, na mbuga nyeusi chini kabisa. Kadiri tunavyoshuka ndivyo sehemu iliyoletwa na maji inavyoongezeka. Mbuga nayo ina tabia zake, kwani huvimba ikilowa na kupasuka ikikauka, na hiyo ni habari ya somo jingine.

Kwa hiyo kabla ya kutumia kanuni yoyote ya kitabu, swali la kwanza la mwalimu na wanafunzi liwe: udongo huu ulifikaje hapa?

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

1. Mwanafunzi wako amepata matokeo tofauti na ya kitabu katika jaribio la chupa. Eleza utakavyogundua kama amekosea utaratibu au kama udongo wenyewe ndio tofauti.

2. Kwa nini kuukausha udongo mwekundu kabla ya kuupima kunaweza kutupa habari za udongo mwingine?

3. Tayarisha somo la dakika 40 kwa darasa la tano juu ya tabaka za lateriti, ukitumia rundo la udongo uliotolewa shimoni badala ya shimo lenyewe. Onyesha namna wanafunzi watakavyopanga vipande kwa mfuatano wa kutoka juu kwenda chini.